Sura ya Tano: Hesabu ya Damu Iliyopotea

Mtoto wa miaka mitatu aletwapo katika hospitali ya wilaya kama ya Muheza, chini ya milima ya Usambara, viganja vyake vimekwajuka na utando wa ndani wa kope zake umepoteza wekundu, na maabara ikamkuta ana gramu 4.6 tu za hemoglobini kwa desilita ya damu, ilhali mtoto wa umri wake yampasa awe na gramu 11 au zaidi, dhana ya kwanza imjiayo mtu ni kwamba vimelea vya malaria vimezila chembe zake nyekundu moja baada ya moja mpaka zikakaribia kwisha. Dhana hii ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe ni mdogo kuliko wengi wanavyofikiri. Na atakaye kuthibitisha hayo hahitaji zaidi ya vipande viwili vya damu vilivyopakwa juu ya kioo, hadubini njema, na saburi ya kuhesabu.

Mtoto tunayemzungumzia ni wa mfano, aliyetungwa kwa ajili ya sura hii, ila hakuna jambo lake hata moja ambalo tabibu wa pwani hajapata kulikuta. Uzito wake ni kilo 12. Mama yake asema kwamba homa ilianza majuma mawili yaliyopita, akanunuliwa vidonge dukani, akapewa nusu ya dozi, homa ikatulia siku chache kisha ikarejea. Mkono wa tabibu ukipapasa chini ya mbavu za kushoto wagusa wengu uliovimba. Mashine ya maabara yasema kwamba chembe nyekundu ni 1,900,000 katika kila mikrolita ya damu, ambapo zilitarajiwa kupita milioni 4. Chembe nyeupe ni 11,000. Na chembe sahani, zile zisaidiazo damu kuganda, ni 60,000, nazo kwa kawaida huwa baina ya 150,000 na 450,000. Mashine imesema kilichopungua, wala haikusema kilipungua kwa njia gani. Hilo laulizwa kioo.

Damu ya kupimwa malaria hutolewa kwenye ncha ya kidole, au kisigino ikiwa ni mtoto mchanga, na hupakwa kwa namna mbili mbalimbali. Namna ya kwanza ni tone nene: takriban mikrolita 6 za damu huwekwa juu ya kioo na kutandazwa kwa kona ya kioo kingine mpaka ziwe duara la ukubwa wa kiasi cha sentimita moja, na unene wake ukiwa sawa, maandishi ya gazeti lililowekwa chini yake husomeka kwa shida kidogo. Namna ya pili ni utando mwembamba: mikrolita 2 husukumwa mbele kwa ukingo wa kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, damu ikatandazika hata mwishoni chembe zikalala safu moja tu, bila kupandana. Utando mwembamba hukazwa kwa methanoli, ili chembe nyekundu zibaki na maumbo yao. Tone nene halikazwi abadan, kwa kuwa makusudio ni kwamba maji ya rangi yazipasue chembe nyekundu zote na kuiosha hemoglobini itoke, vikabaki vimelea, chembe nyeupe na chembe sahani vimelala wazi. Ndiyo maana mtumishi mwenye haraka, akiacha methanoli ya utando mwembamba itiririke mpaka kwenye tone nene la kioo hicho hicho, au akilikausha tone juu ya moto, hulipata limekazika, jekundu, lisilopenya nuru, na kazi yake yote imekuwa bilashi.

Rangi itumikayo ni ya Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, aliyeitangaza mwaka 1904. Nayo huchanganywa na maji yenye pH ya 7.2, kwa asilimia 3 ikiwa vioo vitalowekwa dakika 45 hadi 60, au kwa asilimia 10 ikiwa majibu yanahitajiwa upesi na dakika 10 zitatosha. Kiini cha kimelea hutoka chekundu na ute wake samawati. Tone nene lenyewe ni fikra ya Ronald Ross, yule aliyekwisha kuonyesha kwamba mbu ndiye mchukuzi wa malaria, na alilieleza mwaka 1903, miaka 23 baada ya Alphonse Laveran kuvikuta vimelea katika damu ya askari huko Constantine, Aljeria, bila ya rangi yoyote. Ross aliona kwamba kupekua safu moja ya chembe kwa ajili ya kimelea kimoja ni kupoteza siku. Afadhali kurundika safu nyingi mahali pamoja kisha kuziondoa chembe zenyewe zisizuie macho. Mpimaji akipitia nyuga 100 za tone nene kwa lenzi ya mafuta amekwisha kupekua takriban robo ya mikrolita ya damu, kiasi ambacho katika utando mwembamba kingemchukua muda mrefu usiovumilika. Hata hivyo mpimaji wa kawaida, katika maabara yenye foleni, hukosa vimelea vikiwa chini ya 50 au 100 kwa mikrolita, na kioo kisitangazwe kuwa hakina vimelea kabla ya nyuga 100 kutimia.

Sasa na tumhesabie mtoto wetu. Katika tone nene mpimaji ahesabu vimelea na chembe nyeupe kwa pamoja, na anapofika chembe nyeupe 200 amekwisha kuona vimelea 312. Kwa mujibu wa desturi iliyoenea, hudhaniwa kwamba kila mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwa mikrolita, basi 312 zikigawanywa kwa 200 na kuzidishwa kwa 8,000 hupatikana vimelea 12,480. Lakini sisi tunazo chembe nyeupe zake halisi, nazo ni 11,000. Tukizitumia hizo, jumla huwa 17,160. Tofauti hii si ya kupuuzwa, na yaonyesha kwamba ile 8,000 ni makubaliano ya kurahisisha kazi, si hali ya damu ya mgonjwa. Kisha ahamie utando mwembamba, ambamo kipimo ni kingine: katika kila chembe nyekundu 1,000, ngapi zina kimelea ndani? Akuta 9. Na 9 katika 1,000 ya chembe 1,900,000 ni 17,100, jambo ambalo lampa mpimaji ithibati kwamba njia zake mbili zimekutana.

Hapa naomba ruhusa ya kusema neno juu ya ile desturi ya kujibu kwa alama za kujumlisha. Mama huuliza, "Daktari, mwanangu ana wadudu wangapi?" naye hujibiwa wawili, au watatu, au wanne; akaenda zake akiamini kwamba mwanawe ana wadudu watatu mwilini, na jirani yake mwenye wadudu wanne anaumwa zaidi. Alama hizo ni daraja za upana mno: alama moja ni vimelea 1 hadi 10 katika nyuga 100, mbili ni 11 hadi 100, tatu ni 1 hadi 10 katika kila uga mmoja, na nne ni zaidi ya hapo. Mgonjwa aliyepungukiwa na nusu ya vimelea vyake kwa dawa huweza kubaki katika daraja ile ile, na tabibu asijue kama dawa inafanya kazi. Mimi ningependa kuona desturi hii imekoma kabisa, na badala yake idadi ikaandikwa.

Tuirudie sasa hesabu, maana ndani yake mna fumbo. Mtoto amepoteza zaidi ya nusu ya damu yake, lakini chembe zenye vimelea hazifiki hata moja katika kila mia. Kimelea cha plasmodiamu falsiparamu huingia katika chembe nyekundu, hula hemoglobini yake, hukua na kugawanyika, na baada ya takriban saa 48 chembe hupasuka na kutoa vimelea vichanga, aghalabu baina ya 8 na 24, ambavyo hutafuta chembe nyingine. Tuseme basi kwamba kila siku mbili asilimia 1 ya chembe zake hupasuka, na hali hiyo iliendelea majuma mawili, yaani mizunguko 7: hasara yote haitafika asilimia 7. Na tukadirie kwamba kabla ya ugonjwa huu alikuwa na gramu 9.5, kwa sababu watoto wengi wa vijiji vya pwani huishi na upungufu kidogo wa damu kwa ajili ya chakula, safura na malaria zilizotangulia. Ukitoa asilimia 7 hiyo wapata gramu 8.8 hivi. Mtoto wetu ana 4.6. Gramu nne na zaidi zimekwenda wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba chembe zisizo na kimelea nazo huuawa, tena kwa wingi kuliko zenye nacho. Jambo hili lilipata kuhesabiwa kwa njia ambayo leo yatutia ajabu. Mwaka 1917 huko Vienna, Julius Wagner-Jauregg alianza kuwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa waliopatwa na wazimu wa kaswende, ili homa kali iwatibu, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Tiba hiyo iliendelea katika nchi kadhaa mpaka penisilini ikaiondoa, na kumbukumbu za vimelea na damu za wagonjwa wake, zilizoandikwa siku hata siku, zilibaki. Wanazuoni waliozichambua miaka mingi baadaye walikuta kwamba, kwa malaria ya falsiparamu, kila chembe moja yenye kimelea iliyopasuka ilifuatana na chembe takriban 8 zisizo na kimelea zilizotoweka.

Hutowekea katika wengu. Damu ipitapo humo, sehemu yake hulazimika kupenya katika nyufa nyembamba zisizofika mikroni moja au zikiizidi kidogo, na chembe nyekundu, ambayo upana wake ni mikroni 7 au 8, haipiti isipokuwa iwe laini kiasi cha kujinyonga na kujinyoosha. Wengu ni kifumbu, na tui lake ni chembe zilizo laini. Wakati wa malaria, mabaki ya chembe zilizopasuka na sumu zitokanazo na hemoglobini iliyomwagika huugusa utando wa chembe zilizo salama na kuukakamaza, na kingamwili pamoja na protini nyingine za ulinzi huziganda kwa nje. Basi chembe hizo, ijapokuwa hazina kimelea, hunaswa na kumezwa. Wengu wenyewe, kwa kuwa umevimba na umekasirishwa na ugonjwa, huongeza ukali wa uchujaji wake, wala hauachi mara tu homa inaposhuka.

Tukiweka 9 mahali pa 1, yaani chembe moja yenye kimelea na nane zinazoifuata, hasara ya kila siku mbili ni asilimia 9. Mizunguko 7 ya namna hiyo huacha nusu ya damu na kidogo juu yake: gramu 9.5 hushuka mpaka 4.9 hivi. Tumekaribia, ila bado haijatimia.

Jibu la pili limo katika uboho wa mifupa. Chembe nyekundu huishi siku 120, na kila siku uboho hutoa mpya za kufidia zile zilizozeeka, karibu moja katika kila 120. Mtu aliyetokwa na damu nyingi kwa jeraha, uboho wake huamka ukazidisha utoaji mara kadhaa. Katika malaria haufanyi hivyo. Waona hasara kubwa mbele yake nao umetulia. Masalia meusi ya hemoglobini iliyoliwa, yaitwayo hemozoini, hukusanyika katika uboho na kuzuia chembe changa zisikomae. Na kemikali ambazo mwili huzitoa kupigana na homa huongeza kizuizi hicho. Wakati huo huo ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga milango ya madini ya chuma: chuma kilichomo katika chakula hakiingii, na kilichomo katika ghala za mwili hakitoki. Chuma hakikupotea, maana chembe zilipasukia ndani ya mwili, kimefungiwa tu. Uboho ukilala majuma mawili, asilimia 11 hivi ya damu hukosa badali. Tuitoe hiyo katika gramu 4.9, twabaki na 4.4, na mashine ilisoma 4.6. Ni makadirio, sikatai, kwa kuwa hapana mgonjwa ambaye vimelea vyake husimama kwenye asilimia 1 majuma mawili mazima, bali hupanda na kushuka. Lakini yatosha kuonyesha kwamba kimelea tukionacho ndani ya chembe ni mhalifu mmoja kati ya watatu, na tena si yeye aliyechukua fungu kubwa.

Jambo la chuma lilipata kuwagharimu watu wa kwetu. Katika kisiwa cha Pemba watoto wadogo waligawiwa chuma na asidi ya foliki kila siku, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2006, kwa matumaini ya kuwakinga na upungufu wa damu; lakini vikundi vilivyopewa chuma vilionyesha magonjwa makali na vifo zaidi, na ugawaji ukasimamishwa mwaka 2003 kabla ya utafiti kwisha. Waliochunguzwa kwa karibu, wakapimwa na kutibiwa malaria mapema, nao kweli wana upungufu wa chuma, walifaidika. Basi kwa mtoto wetu aliye na gramu 4.6 na malaria ndani ya damu, chupa ya chuma si dawa ya siku ya kwanza.

Hayo yote utando mwembamba huyashuhudia, ikiwa msomaji wake hatafuti vimelea peke yake. Kwanza, aina ya kimelea: pete ndogo, nyembamba, nyingine zimejibandika ukingoni mwa chembe, na chembe mbili tatu zenye pete mbili ndani yake, nazo hazikuvimba, hiyo ni falsiparamu. Ingekuwa vivaksi, chembe yenye kimelea ingekuwa kubwa kuliko jirani zake na imejaa nukta nyekundu. Pili, kando ya utando aona vimelea vichache vilivyopinda kama hilali. Hivyo ni vimelea vya uzazi, vimngojavyo mbu, na falsiparamu huchukua siku 10 hadi 12 kuvikomaza. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa juzi, na mama alisema kweli. Tatu, ndani ya chembe nyeupe kadhaa mna punje za kahawia iliyokoza, ambazo ni hemozoini iliyomezwa. Nne, chembe nyekundu nyingi ni ndogo na zimepauka katikati, dalili ya njaa ya chuma iliyotangulia. Tano, na hili ndilo lililo zito, aangalia zile chembe kubwa zenye wekundu uliochanganyika na samawati, ambazo ni chembe changa zilizotoka ubohoni siku hiyo au jana yake. Kwa mtoto aliyepungukiwa hivi zingepaswa kuwa nyingi. Aziona moja hapa, moja pale. Uboho umelala.

Chembe sahani zina kisa tofauti, na yapasa kisichanganywe na hiki. Hizi hazipungui kwa sababu uboho umeacha kuzitoa. Chembe mama zake zimo ubohoni kwa wingi wa kutosha, na zilizomo katika damu huwa kubwa, alama ya kwamba ni mpya. Zinapotea huko nje. Sehemu hubaki ndani ya wengu uliovimba. Sehemu huvishwa kingamwili na kumezwa. Sehemu nyingine hunaswa kwenye kuta za mishipa midogo, kwa kuwa kuta hizo, zikikerwa na chembe zenye vimelea zilizojishikiza kwake, hutoa nyuzi ndefu za protini zenye kunata. Na zimekwisha kuonekana chembe sahani zikiishikilia chembe yenye kimelea na kukiua kilichomo ndani, hata huenda ikawa sehemu ya upungufu wake ni gharama ya vita, si hasara tupu.

Mpimaji asiye na mashine huweza kuzikadiria katika utando mwembamba: mahali ambapo chembe nyekundu zakaribiana bila kupandana, kila chembe sahani moja katika uga wa lenzi ya mafuta ni sawa na 15,000 hadi 20,000 kwa mikrolita. Mtoto wetu ana 3 au 4 kwa kila uga, basi ni baina ya 45,000 na 80,000, ijapokuwa kwa mtu aliyepungukiwa sana na chembe nyekundu kipimo hiki hulegea. Asisahau kupitia kwanza ukingo wa mwisho wa utando, kwani damu ya kidole huzifanya chembe sahani zishikane mafungu, na fungu la chembe 30 lililojificha ukingoni laweza kumfanya mtu atangaze upungufu usiokuwapo. Na kosa la upande wa pili ni mashuhuri zaidi: chembe sahani moja iliyolala juu ya chembe nyekundu, ya zambarau, imezungukwa na weupe kidogo, huhesabiwa kuwa kimelea na mgeni wa kazi hii. Atofautishe kwa kuzungusha lenzi taratibu. Kimelea huonekana pamoja na chembe yake, ilhali chembe sahani hung'aa juu zaidi, wala haina kiini chekundu kilichotengana na ute wa samawati.

Upungufu huu, ajabu yake, hauleti kutokwa na damu kwa wengi, hata wakifika 60,000 au chini yake, na mgonjwa akitibiwa chembe hizo hupanda zenyewe kwa siku chache. Kumwongezea mtu chembe sahani kwa sababu ya nambari tu hakuna faida. Manufaa yake ni ya ushahidi. Maabara ya Maskati au London ikipokea damu ya msafiri mwenye homa aliyetoka pwani yetu, na chembe sahani zikawa chache, malaria hutafutwa hata kama hakuna aliyeiagiza. Lakini ushahidi huo haujitoshelezi, maana homa ya dengi, iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, nayo hushusha chembe sahani. Tofauti ni kwamba katika dengi kali maji ya damu huvuja na kuziacha chembe nyekundu zimesongamana, kipimo cha msongamano huo kikapanda, ilhali katika malaria kipimo hicho hushuka. Na mwamuzi wa mwisho ni tone nene.

Mwamuzi huyo naye ana udhaifu wake. Chembe zenye falsiparamu iliyokomaa hazizunguki katika damu. Hujishikiza kwenye mishipa midogo ya ubongo, ya matumbo, ya kondo la nyuma kwa mja mzito, na kinachochotwa kwenye kidole ni pete changa tu. Mgonjwa huweza kuwa na vimelea vingi vilivyojificha na vichache vinavyoonekana, na aliyekunywa nusu dozi huweza asionyeshe hata kimoja, isipokuwa zile punje za kahawia katika chembe nyeupe. Ndipo damu huchukuliwa tena baada ya saa 12 au 24, hata mara tatu, kabla ya kukata shauri.

Mtoto wetu apewa sindano ya artesuneti, miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 36, na nyingine kama hiyo baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Kwa kuwa apumua vizuri na ana fahamu zake, hakuongezewa damu papo hapo, kama ulivyoruhusu utafiti mkubwa uliofanywa Uganda na Malawi ukatangazwa mwaka 2019, ila hemoglobini hupimwa tena na tena. Saa 8 baadaye ni gramu 3.9. Wengu unaendelea na kazi yake, na dawa ya kuua vimelea haiuzuii. Sasa apewa damu. Na kwa sababu homa bado imo, kiasi kilichochaguliwa ni mililita 20 kwa kilo, jumla 240, kwani utafiti ule ule ulionyesha kwamba wenye homa hawafaidiki na kiasi kikubwa zaidi. Siku ya tatu tone nene halina pete hata moja, chembe sahani ni 110,000, na hilali zingali zikionekana. Hizo zaweza kubaki majuma kadhaa, hazimuumizi, na tabibu anayeziona akamwandikia dozi mpya akidhani dawa imeshindwa amesoma kioo vibaya.

Siku ya saba utando mwembamba una chembe nyingi kubwa za samawati: uboho umeamka. Walakini mama aambiwa arudi kila juma mpaka siku ya 28. Artesuneti huviua vimelea ndani ya chembe, na wengu huving'oa vilivyokufa ukaiachia chembe iendelee na safari. Chembe hizo zilizotobolewa huishi muda mfupi, kisha hufa kwa pamoja baina ya siku ya 7 na ya 21, na mtoto aliyekwisha kucheza na wenziwe huweza kukwajuka tena, kioo chake kikiwa hakina kimelea hata kimoja.